Arifa zinazochelewa kwenye data ya simu: jinsi ya kutafuta chanzo na kuziruhusu programu unazozitegemea

Lalamiko hili huletwa kwa fundi karibu kwa maneno yaleyale: simu imekaa mezani kimya kwa muda mrefu, mwenyewe anaishika na kuwasha kioo, na papo hapo ujumbe wa saa nzima unamiminika kwa mkupuo. Wengi hudhani mtandao ulikuwa mbovu, wakabadilisha laini au wakaifuta programu na kuipakua upya, na baada ya siku mbili hali inarudi vilevile. Mara nyingi mtandao hauna kosa. Simu yenyewe ndiyo iliyoizuia programu, kwa nia ya kuokoa betri au bando, na ugumu wa kuitengeneza unatokana na jambo moja ambalo watumiaji wengi hawalijui: ndani ya simu kuna orodha zaidi ya moja za kuruhusu programu, na programu iliyoruhusiwa kwenye orodha moja bado inaweza kuzuiwa na nyingine.

Maelezo haya yanahusu simu za Samsung zenye Android 12 au toleo la baadaye, kwa sababu ndizo ninazozifungua mara nyingi. Majina ya menyu nimeyaandika kwa Kiingereza kama yanavyosomeka kwenye kioo, kwa kuwa watu wengi hawajabadilisha lugha ya simu zao.

Arifa inavyoifikia simu

Kwenye simu za Android, programu nyingi hazikai macho mchana kutwa zikisubiri ujumbe. Simu hushikilia muunganisho mmoja tu na seva za Google, kupitia huduma iitwayo Firebase Cloud Messaging, na muunganisho huo husimamiwa na Google Play services. Mtu anapokuandikia, seva ya programu husika huipa Google ishara, Google huipitisha ishara hiyo kwenye muunganisho ule mmoja, kisha simu huiamsha programu ili iuchukue ujumbe. Ni kama nyumba ya wapangaji wengi yenye mlinzi mmoja getini: mgeni humwambia mlinzi, na mlinzi huenda kugonga mlango wa mpangaji anayetafutwa.

Kwa hiyo ujumbe unaweza kukwama mahali patatu. Huenda mlinzi mwenyewe hakupata habari, yaani muunganisho na Google umekatika. Huenda aligonga lakini mpangaji amelazwa usingizi ambao haumruhusu kuamka. Au mpangaji aliamka, ila amekatazwa kutoka getini kwenda kuchukua mzigo wake, yaani programu imeamshwa lakini hairuhusiwi kutumia data. Kila hali ina dalili zake, na ndiyo maana nashauri usiguse mpangilio wowote kabla ya kuzisoma dalili.

Vipimo vinne kabla ya kugusa mipangilio

Kipimo cha kwanza hakihitaji chochote. Angalia ujumbe mfupi wa kawaida, kwa mfano ule wa kuthibitisha kwamba umepokea pesa kwenye simu. Ujumbe huo haupiti kwenye data wala kwa Google, na hali ya kulala ya programu haiugusi. Ukiwa unaingia kwa wakati huku WhatsApp ikichelewa, laini yako inashika mtandao wa simu na sasa uchunguze upande wa data na wa kulala kwa programu. Ukichelewa nao pia, tatizo lako ni la mawimbi, na hakuna mpangilio wa betri utakaolitatua.

Kipimo cha pili ni kutafuta saa ambayo ujumbe ulifika hasa. Tumia simu nyingine kutuma ujumbe wa WhatsApp kwenye simu yenye matatizo ikiwa imezimwa kioo, kisha kwenye simu iliyotuma bonyeza ujumbe huo kwa muda na ufungue «Info». Utaona saa ya «Delivered». Tiki mbili zikitokea mara moja lakini simu haikulia, programu iliamka na ikaupokea ujumbe. Kosa liko kwenye sauti, kwenye hali ya «Do not disturb» au kwenye ruhusa ya arifa, wala si kwenye betri. Tiki ikibaki moja mpaka mwenye simu awashe kioo, hapo ndipo tulipo. Tahadhari moja: ikiwa akaunti hiyo imefunguliwa pia kwenye kompyuta, tiki mbili zinaweza kutokea kwa sababu kompyuta imeupokea ujumbe ilhali simu bado imelala. Ondoka kwenye vifaa vyote vilivyounganishwa kabla ya kupima. Mimi mwenyewe niliwahi kupoteza nusu siku kwa kusahau jambo hili.

Kipimo cha tatu ni kulinganisha Wi-Fi na data ya simu. Kama arifa huwahi kwenye Wi-Fi na kuchelewa kwenye data peke yake, mshukiwa wa kwanza ni kiokoa data, kwa sababu kazi yake ni kuzizuia programu zisizo mbele ya mtumiaji kwenye mtandao unaohesabiwa kwa kiasi. Usipime kwa kuunganisha simu kwenye hotspot ya simu nyingine, kwani Android inaweza kuutambua muunganisho huo kuwa wa kuhesabiwa na kuuwekea vizuizi vilevile, nawe ukadhani Wi-Fi nayo inachelewesha.

Kipimo cha nne ni kuchomeka chaji, ukibaki kwenye data. Tangu Android 6.0 ya mwaka 2015, simu iliyozimwa kioo, isiyo kwenye chaji na iliyotulia mahali pamoja huingia katika usingizi uitwao Doze; kuanzia Android 7.0 ya mwaka uliofuata, aina nyepesi ya usingizi huo huanza hata simu ikiwa mfukoni inatembea. Ndani ya Doze programu hunyimwa mtandao, isipokuwa katika vipindi vifupi ambavyo huzidi kuachana kadiri simu inavyokaa bila kuguswa. Ishara zilizotumwa kwa kipaumbele cha juu, kama za ujumbe wa WhatsApp, hupenya. Zile za kawaida husubiri kipindi kijacho. Simu iliyo kwenye chaji haiingii Doze. Basi, ucheleweshaji ukitoweka mara tu unapochomeka chaji, umeshaupata usingizi wenyewe. Ukiendelea, Doze haimo kwenye kesi.

Mfano: simu ya mama wa chakula cha mchana

Mama mmoja anayepika na kupeleka chakula cha mchana maofisini aliniletea Galaxy A14. Oda zake huingia kwa WhatsApp Business kati ya saa 3 na saa 5 asubuhi, muda ambao mikono yake imo kwenye sufuria na simu iko juu ya kabati. Wateja walikuwa wakimlaumu kwamba anawapuuza. Aliongeza lalamiko la pili, ambalo kwake lilikuwa dogo: programu ya benki yake haikumwarifu chochote kwa wiki kadhaa, hadi alipoifungua mwenyewe.

Ujumbe mfupi wa malipo ulikuwa ukiingia mara moja, hivyo laini ilikuwa nzima. Nilimtumia ujumbe wa majaribio saa 3:12 asubuhi, na «Info» ikaonyesha kwamba ulifika saa 3:58, dakika ileile aliyoishika simu. Kwenye Wi-Fi ya ofisini kwangu ujumbe uliingia na kulia huku kioo kimezimwa. Niliporudisha data ya simu na kuchomeka chaji, ucheleweshaji ulirudi vilevile. Mpaka hapo kiokoa data kilikuwa kimeshajitaja chenyewe, kwa kuwa Wi-Fi iliponya na chaji haikuponya.

Dalili iliyomaliza ubishi ilikuwa arifa moja aliyoniambia huiona mara kwa mara bila kuielewa: «You may have new messages». WhatsApp huandika maneno hayo inapokuwa imeamshwa na kuhisi kuna ujumbe, lakini ikashindwa kuifikia seva yake ili kuuchukua. Huyo ndiye mpangaji aliyeamka na kukatazwa kutoka getini. Ukiiona arifa hiyo kwenye simu yenye bando na mawimbi, usianze na betri. Anza na data.

Nilifungua «Settings», nikaingia «Connections», kisha «Data usage», halafu «Data saver», na kweli ilikuwa imewashwa. Aliiwasha mwenyewe ili bando la wiki lifike mwisho wa wiki, uamuzi wa busara ambao sikuona sababu ya kuutengua. Badala ya kukizima kiokoa data, niliiingiza programu moja tu kwenye orodha ya zinazoruhusiwa, kwa kupita «Settings», «Apps», «WhatsApp Business», kisha «Mobile data». Hapo kuna vitufe viwili vinavyofanana kwa sura na kutofautiana kwa kazi. «Allow background data usage» huiruhusu programu kutumia data ikiwa nyuma katika siku za kawaida. «Allow data usage while Data saver is on» huiruhusu hata kiokoa data kinapofanya kazi. Cha kwanza kikizimwa, programu itachelewa kwenye data hata kama kiokoa data hakijawahi kuwashwa, na hiki ndicho watu hukigusa bila kukusudia wanapochunguza programu gani inakula bando. Vyote viwili vinapaswa kuwashwa.

Benki ilikuwa na hadithi nyingine. Haikuchelewa kwenye data pekee bali kila mahali, na arifa hazikuja kwa mkupuo hata simu ilipowashwa kioo. Zilihitaji programu ifunguliwe. Tofauti hiyo ni muhimu. Arifa zinazokuja kioo kinapowaka mara nyingi zinaashiria usingizi wa simu au, programu ikiwa ndiyo iliyoachwa mbele, kizuizi cha data, lakini zinazosubiri programu ifunguliwe kwa mkono hata kwenye Wi-Fi zinaashiria kwamba programu imesimamishwa kabisa. Nilikwenda «Settings», «Battery», «Background usage limits» (katika baadhi ya matoleo «Battery» imo ndani ya «Battery and device care»), na benki ilikuwa ndani ya «Deep sleeping apps». Mwanawe aliiweka humo pamoja na programu nyingine kumi na kitu baada ya simu kumpendekezea hivyo.

Ukurasa huo una orodha tatu. Programu iliyo katika «Sleeping apps» huachiwa kufanya kazi nyuma mara mojamoja, hivyo arifa zake zinaweza kuchelewa. Iliyo katika «Deep sleeping apps» haifanyi kazi nyuma hata kidogo. Inaamka ikifunguliwa tu. Iliyo katika «Never auto sleeping apps», ambayo katika matoleo ya zamani husomeka «Never sleeping apps», hailazwi na mfumo. Niliiondoa benki kwenye orodha ya pili na kuiongeza kwenye ya tatu, pamoja na WhatsApp Business kwa kinga. Kuitoa tu kwenye usingizi bila kuiweka kwenye orodha ya tatu hakutoshi kwa programu inayofunguliwa kwa nadra, kwa sababu kitufe cha «Put unused apps to sleep» kikiwa kimewashwa, simu itairudisha kulala baada ya kuona haitumiki.

Kuiondolea programu vizuizi vya betri

Orodha iliyobaki ni ya Android yenyewe. Ingia «Settings», «Apps», chagua programu, kisha «Battery». Utakuta hali tatu: «Unrestricted», «Optimized» na «Restricted». Hali ya kawaida ni ya katikati, na kwa programu nyingi inatosha. «Restricted» ni hatari kwa programu yoyote unayoitegemea, na watu huichagua wakiamini wanaokoa betri bila kupoteza kitu. «Unrestricted» huitoa programu katika vizuizi vya Doze na vya kiokoa betri, hivyo unaweza kukiacha kiokoa betri kimewashwa siku nzima huku programu hiyo ikiendelea kupata mtandao. Haiitoi katika kiokoa data. Hapo ndipo wengi hukwama: wameshachagua «Unrestricted», arifa bado zinachelewa kwenye data, wanahitimisha kwamba simu ni mbovu, kumbe kizuizi kilichobaki kinaishi kwenye ukurasa mwingine kabisa.

Kwenye kiokoa betri cha Samsung, kinachoitwa «Power saving», kuna chaguo la kukikagua peke yake: «Limit apps and Home screen». Likiwashwa, simu hubaki na programu chache ulizozichagua, na zilizoachwa nje haziwezi kukuarifu. Mtu aliyeliwasha usiku wa umeme kukatika anaweza kulisahau kwa siku kadhaa.

Kwa programu za aina ya benki, bima au shule, ambazo hupita miezi bila kufunguliwa, shuka hadi chini ya ukurasa huohuo wa programu. Utakuta kitufe kinachosomeka kwa namna tofauti kulingana na toleo, kama «Pause app activity if unused» au «Remove permissions if app is unused». Kizime. Kikiachwa, Android inaweza kuisimamisha programu na kuinyang'anya ruhusa zake baada ya muda mrefu wa kutotumika, na arifa zake zikakoma.

Nashauri uzitoe katika vizuizi programu tatu au nne, zisizidi tano: ya ujumbe wa kazi, ya benki, na labda barua pepe. Nimewahi kufungua simu ambayo kila programu ilikuwa «Unrestricted», na mwenyewe alikuja kulalamika kwamba betri haifiki saa nane mchana.

Pale orodha zote ziko sawa na bado arifa zinachelewa

Hapa tunarudi kwa mlinzi wa getini. Kwenye baadhi ya simu, kupiga msimbo ufuatao kwenye sehemu ya kupigia simu hufungua ukurasa wa uchunguzi wa Firebase Cloud Messaging, unaoonyesha kama simu imeunganishwa na Google:

```
*#*#426#*#*
```

Ikisomeka kwamba haijaunganishwa huku data ikiwa imewashwa, angalia kwanza aina ya kifurushi. Kifurushi cha mitandao ya kijamii pekee kinaweza kuiruhusu WhatsApp na kuzuia mengine yote, na muunganisho wa arifa hauendi kwa WhatsApp bali kwa Google, kupitia bandari 5228 hadi 5230. Matokeo yake ni fumbo linalowachanganya hata mafundi: ukiifungua WhatsApp inafanya kazi vizuri, ukiifunga inanyamaza. Hakuna mpangilio wa simu utakaoliondoa hilo. Jaribu kwa kuweka MB chache za kifurushi cha kawaida. Arifa zikirudi, umeshapata jibu.

Kuna pia ucheleweshaji ambao hautoki kwa mtumiaji wala kwa programu. Mitandao ya simu hukata miunganisho iliyokaa kimya, na simu haiarifiwi kwamba umekatwa. Itagundua itakapotuma mpigo wake wa kukagua, na kwa data ya simu mipigo hiyo huachana kwa muda mrefu ili kutunza betri. Katika pengo hilo ishara haifiki. Ndicho kilichobaki kwa yule mama: baada ya marekebisho, ujumbe wake ulikuwa ukifika ndani ya sekunde chache, isipokuwa mara mojamoja ambapo mmoja ulichelewa kwa dakika kadhaa kisha mingine ikafuata kwa wakati. Nilimwambia wazi kwamba hilo siwezi kulifuta, na kwamba kwa oda ya haraka wateja wampigie.

Angalia vilevile tabia ya kulazimisha programu kufunga. Ukibonyeza «Force stop», programu haitapokea ishara yoyote ya Firebase hadi uifungue tena kwa mkono, hata kama imo kwenye kila orodha ya kuruhusiwa. Programu za kusafisha simu zinazouza ahadi ya kuongeza kasi hufanya jambo hilohilo kimyakimya. Kwenye Samsung, kuitelezesha programu kutoka kwenye orodha ya zilizofunguliwa hivi karibuni hakuleti shida hiyo kwa kawaida, lakini watengenezaji wengine wako wakali zaidi: kwenye Xiaomi lazima uwashe pia ruhusa ya programu kujiwasha, na kwenye Tecno na Infinix ruhusa ya namna hiyo hutafutwa ndani ya programu ya Phone Master.

Kuhakikisha kwa kompyuta

Fundi asiyetaka kumweka mteja saa nzima akisubiri simu ilale anaweza kuilaza kwa nguvu kupitia adb, zana ya kuiamuru simu ya Android kutoka kwenye kompyuta. Kwa kuwa waya wa USB huchaji simu, na simu inayochajiwa hailali, ni lazima kwanza uidanganye kwamba waya umechomolewa. Zima kioo, kisha andika:

```
adb shell dumpsys battery unplug
adb shell dumpsys deviceidle force-idle
adb shell am get-standby-bucket com.whatsapp.w4b
```

Amri ya tatu hukuambia mfumo umeiweka programu kwenye daraja gani la matumizi: 5 ni iliyosamehewa, 10 hadi 30 ni zinazotumika kwa viwango vinavyoshuka, 40 ni ya nadra, na 45 ni iliyobanwa. Tuma ujumbe wa majaribio kwa simu nyingine, soma saa ya «Delivered», kisha urudishe simu katika hali yake:

```
adb shell dumpsys deviceidle unforce
adb shell dumpsys battery reset
```

Usiisahau amri ya mwisho, kwani mteja ataondoka na simu inayodhani haijachomekwa hata ikiwa kwenye chaji. Mwisho wa kazi, mwachie mteja orodha ya mahali ulipogusa, kwa sababu baada ya sasisho kubwa la mfumo ni vizuri kurasa hizo zikaguliwe upya. Yule mama aliibandika yake nyuma ya mlango wa kabati la jikoni, chini ya bei za wali na ndizi.